Kilo moja ya urani: kilo ya nini, na mwishoni inabaki nini?

Swali: Mimi ni mwalimu wa fizikia hapa Songea. Tangu habari za urani ya Mto Mkuju zianze kuvuma, wanafunzi wananiuliza kilo moja inatoa umeme kiasi gani, nami nimekuta majibu matatu: uniti milioni 24, uniti 360,000 na uniti kama 44,000. Lipi sahihi? Halafu kwa nini wataalamu wanaandika "megawati-siku kwa tani", na kwa nini wanasema fueli iliyotumika si majivu? Naomba jibu lenye hesabu.

Jibu:

Mwalimu, hakuna jibu la uongo kati ya hayo matatu. Kila moja linahusu kilo ya kitu tofauti, na moja kati yake halihusu umeme bali joto. Kilo ya kwanza ni ya urani-235 tupu ambayo atomu zake zote zimeatuka, yaani viini vyake vimepasuka vipande na kutoa nishati, jambo ambalo halitokei ndani ya kinu chochote cha nyuklia. Kilo ya pili ni ya urani iliyorutubishwa, yaani iliyoongezewa sehemu ya urani-235, ile inayofungwa ndani ya fito za fueli. Kilo ya tatu ni ya urani asilia, kama itakavyotoka Mkuju, wilayani Namtumbo, baada ya kutenganishwa na mwamba. Nitaanza na ile ya kwanza, kwa kuwa hesabu yake inakamilika ubaoni na ndiyo inayozaa kipimo unachokikuta katika maandishi ya wataalamu.

Atomu moja ya urani-235 inapoatuka, nishati inayobaki ndani ya kinu kama joto ni takriban megaelektronivolti 200, yaani juli 3.2 × 10⁻¹¹. Gramu moja ya urani-235 ina atomu 2.56 × 10²¹, na ukizidisha unapata juli 8.2 × 10¹⁰. Sasa fikiria kinu kinachotoa joto la megawati moja, kikaachwa kifanye kazi mchana na usiku: wati milioni moja mara sekunde 86,400 ni juli 8.64 × 10¹⁰. Namba hizo mbili zimekaribiana mno. Gramu moja ya atomu zilizoatuka hutoa megawati-siku 0.95, au, ukiigeuza hesabu, megawati-siku moja hugharimu gramu 1.05. Wahandisi wengi hukariri tu kwamba gramu ni megawati-siku, na kwa kuwa megawati-siku moja ni uniti 24,000, kilo nzima kwa makadirio hayo huwa uniti milioni 24. Hesabu isiyokadiriwa inatoa kama milioni 22.8. Namba zote mbili ni za joto. Kituo cha umeme cha aina iliyozoeleka hugeuza theluthi moja tu ya joto hilo kuwa umeme, na iliyobaki huishia baharini, mtoni au hewani.

Kipimo cha megawati-siku kwa tani kimejengwa juu ya hesabu hiyo. Nitakiita mteketeo wa fueli, ingawa hakuna moto wala oksijeni inayohusika. Mteketeo ni jumla ya joto ambalo fueli imetoa tangu ilipoingia kinuni, ikigawanywa kwa uzito wa urani iliyokuwamo siku ya kwanza. Naomba uyazingatie maneno "siku ya kwanza", kwa sababu urani inaendelea kupungua kadiri kinu kinavyofanya kazi, na kugawanya kwa uzito unaobadilika kungeleta vurugu. Wasimamizi wa vinu wanakipenda kipimo hiki kwa sababu kinatokana na vitu viwili wanavyoviandika kila siku, yaani nguvu ya joto ya kinu na idadi ya siku kilizofanya kazi. Mwanakemia naye anakipenda kwa sababu nyingine. Tani moja ya urani ikiatuka yote ingetoa takriban megawati-siku 950,000. Kwa hiyo fueli yenye mteketeo wa megawati-siku 45,000 kwa tani ni fueli ambayo asilimia 4.7 ya atomu zake za mwanzo zimeatuka. Namba ileile inamwambia mmoja joto lililouzwa na mwingine kilichotokea ndani ya vidonge vya fueli.

Tuchukue mfano wa Koeberg, kaskazini ya Cape Town, ambako kuna vinu viwili vilivyoanza kuuza umeme mwaka 1984 na 1985. Kila kinu hutoa joto la megawati 2,775, na umeme wa megawati 930 hivi hutumwa kwenye gridi. Ndani ya kinu kimoja kuna mafungu 157 ya fito za fueli, kila fungu likiwa na takriban kilo 460 za urani, kwa hiyo jumla ni kama tani 72. Ukigawanya, kila tani inabeba megawati 38.5. Fueli itafikia mteketeo wa megawati-siku 45,000 kwa tani, ambao ni wa kawaida kwa vinu vya aina hii, baada ya siku 1,170 za kufanya kazi kwa nguvu kamili. Siku hizo haziishi kwa mkupuo mmoja. Kinu husimamishwa kila baada ya mwaka mmoja na nusu hivi, karibu theluthi ya mafungu hutolewa na mapya kuingizwa, na fungu moja hupitia vipindi vitatu hivi kabla ya kuondolewa moja kwa moja. Wanafunzi wako watashangazwa zaidi na hesabu ya siku moja: megawati 2,775 kwa siku moja ni megawati-siku 2,775, na kwa gramu 1.05 kila moja, kinu kizima chenye tani 72 za urani huatua atomu zenye uzito usiofika kilo tatu kwa siku.

Sasa twende kwenye kilo ya pili. Megawati-siku 45,000 kwa tani ni megawati-siku 45 kwa kilo, ambazo ukizizidisha kwa uniti 24,000 unapata uniti 1,080,000 za joto. Theluthi yake ni uniti 360,000 za umeme, nalo ndilo jibu lako la katikati. Kwa kulinganisha na kitu kilicho jirani nawe, makaa mazuri ya mawe, kama ya Ngaka, yakichukuliwa kuwa na megajuli 25 kwa kilo, joto hilohilo lingehitaji tani 155, yaani zaidi ya malori matano ya tani 30.

Kilo ya tatu inatokana na ya pili. Urani asilia ina asilimia 0.711 tu ya urani-235, ilhali fueli ya mfano wetu ina asilimia 4. Kiwanda cha kurutubisha hakiwezi kuikamua urani-235 yote. Tuseme masalia yake yanabaki na asilimia 0.25. Uzito wa urani asilia unaohitajika kwa kila kilo ya fueli ni:

(4 − 0.25) ÷ (0.711 − 0.25) = 8.1

Uniti 360,000 zikigawanywa kwa 8.1 zinakuwa kama 44,000. Kwa hiyo mwanafunzi anayeuliza kuhusu urani ya Mkuju, iliyotoka ardhini bila kurutubishwa, jibu lake ni hili la tatu, kwa sharti kwamba itapitia kiwanda cha kurutubisha na kutumika katika kinu kama cha Koeberg. Sharti hilo si dogo. Kinu cha Kikanada cha CANDU kinachotumia maji mazito hula urani asilia bila kuirutubisha, na mteketeo wake ni kama megawati-siku 7,500 tu kwa tani. Mtu akilinganisha 7,500 na 45,000 atasema kinu hicho ni kifujaji. Lakini megawati-siku 7.5 kwa kilo ni uniti 180,000 za joto, na umeme wake hupita uniti 50,000 kwa kila kilo ya urani asilia, zaidi kuliko zile 44,000. Mteketeo mkubwa hupunguza idadi ya fito za kutengeneza, kusafirisha na kuhifadhi. Haumaanishi lazima kwamba madini ya mgodini yametumika vizuri zaidi.

Kabla ya kuingia kwenye muundo wa fueli iliyotumika, niseme jambo moja ambalo mimi mwenyewe lilinipotezea wiki nzima nilipokuwa mwanafunzi. Vidonge vya fueli si urani tupu bali ni oksidi yake, UO₂, ambayo asilimia 88 tu ya uzito wake ni urani. Nilipewa uzito wa vidonge, nikaufanya uzito wa urani, na kila jibu langu likatofautiana na la maabara kwa asilimia 12. Ukiona mteketeo unaoandikwa kwa tani, uliza kwanza ni tani ya urani au ya oksidi. Desturi ya fani hii ni tani ya urani, na pale fueli inapochanganywa na plutoni tangu mwanzo, ni tani ya metali nzito zote kwa pamoja.

Kuhusu majivu, kuni ikishateketea hubaki kitu ambacho hakiwezi kuwaka tena na hakifanani na kuni. Kidonge cha fueli kinapotoka kinuni kwa nje kingali kidonge, kimepasukapasuka lakini kimo mahali pake, na uzito wake ni uleule kiasi kwamba mizani ya kawaida haitaona tofauti: kwa kilo moja iliyotoa megawati-siku 45, uzito uliogeuka kuwa nishati kwa kanuni ya E = mc² ni gramu 0.04 hivi. Kilichobadilika ni mgawanyo wa ndani. Ninaona ni bora kuupitia kama mweka hazina anavyopitia daftari lake, kilo moja ikiingia na kilo moja ikitoka.

Siku ya kwanza kilo yetu ina gramu 40 za urani-235 na gramu 960 za urani-238. Inapotoka, kwa namba zilizokadiriwa, ina gramu 8 za urani-235, gramu 929 za urani-238, gramu 5 za urani-236 ambayo haikuwamo kabisa, gramu 10 za plutoni, gramu moja ya neptuni, amerisi na kuri kwa pamoja, na gramu 47 za mazao ya mwatuko, yaani vipande vya atomu zilizoatuka. Jumla ni 1,000. Gramu hizo 47 ndizo asilimia 4.7 tuliyoipata kwa hesabu ya joto, na mwanafunzi makini ataona mara moja kwamba kuna jambo halijakaa sawa: urani-235 iliyotoweka ni gramu 32 tu. Gramu 47 zimeatukaje?

Tufuatilie. Kati ya gramu 32 za urani-235 zilizotoweka, kama gramu 5 hazikuatuka bali zilimeza nyutroni na kutulia, zikawa urani-236. Zilizoatuka kweli ni 27. Upande wa pili, urani-238 imepungua kwa gramu 31. Kati ya hizo, kama gramu 4 ziliatuliwa moja kwa moja na nyutroni zenye kasi kubwa, zile ambazo bado hazijapunguzwa mwendo na maji. Gramu 27 zilizobaki zilimeza nyutroni zikawa urani-239, ambayo ndani ya saa chache hugeuka kuwa neptuni-239, nayo kwa siku chache ikawa plutoni-239. Plutoni hiyo huatuka kwa urahisi kama urani-235, au hata zaidi. Kwa hiyo gramu 16 kati ya 27 ziliatuka palepale kinuni, bila mtu yeyote kuzigusa, na zilizobaki ndizo gramu 10 za plutoni na ile gramu moja ya metali nyingine nzito. Jumlisha sasa: 27 za urani-235, 16 za plutoni na 4 za urani-238 ni 47. Daftari limefunga. Theluthi moja hivi ya joto lote ilitoka kwenye metali ambayo haikununuliwa na mtu, na kuelekea mwisho wa maisha ya fungu, urani-235 ikishapungua, sehemu ya plutoni hufika nusu ya miatuko yote au kupita.

Mabadiliko haya hayaendi kwa mstari mnyoofu, na hapa ndipo makadirio ya haraka hukosea. Urani-235 hupungua kwa kasi mwanzoni na polepole baadaye, kwa kuwa kilichobaki cha kuatuliwa ni kidogo. Plutoni-239 hupanda haraka katika mwaka wa kwanza, kisha hukaribia kusimama, kwa sababu inaatuka karibu kwa kasi ileile inayozaliwa. Wakati huo sehemu yake nyingine humeza nyutroni bila kuatuka na kuwa plutoni-240, kisha 241, kisha 242. Kwa hiyo plutoni ya fueli iliyokaa kinuni muda mrefu si sawa na ya fueli iliyotolewa mapema: katika gramu zetu 10, plutoni-239 ni zaidi kidogo tu ya nusu, na iliyosalia ni zile isotopi nzito pamoja na plutoni-238 kidogo. Mtu hawezi kuchukua muundo wa fueli ya megawati-siku 20,000, akauzidisha kwa mbili na ushei, akadai amepata wa 45,000. Mazao ya mwatuko peke yake ndiyo yanayoongezeka sambamba na mteketeo, na hata hayo ni kwa zile isotopi zisizooza haraka.

Mbona basi fueli hutolewa ikiwa bado na gramu 8 za urani-235 na plutoni inayoatuka? Sababu ya kwanza ni hesabu ya nyutroni, ambazo ndizo zinazoatua atomu. Mazao ya mwatuko nayo humeza nyutroni. Samari-149 ndiyo mlafi anayejulikana zaidi miongoni mwa yasiyooza. Urani-236 na plutoni-240 nazo hula za kwao. Katika kinu cha aina ya Koeberg dalili ya upungufu huo iko wazi kwenye maji ya kupoozea: mwanzoni mwa kipindi maji hutiwa boroni, mara nyingi zaidi ya sehemu 1,000 kwa milioni, ili kumeza nyutroni za ziada ambazo fueli mpya hutoa, na boroni hiyo hupunguzwa siku hadi siku. Ikikaribia sifuri hakuna akiba tena, na fueli iliyochoka zaidi lazima ipishe.

Sababu ya pili ni ganda la ufito, ambalo ni aloi ya zirkoni yenye unene wa zaidi kidogo ya nusu milimita. Ganda hilo hupata kutu ndani ya maji ya moto, na sehemu ya hidrojeni inayotokana na kutu hiyo hupenya kwenye metali na kuifanya iwe kavu na rahisi kuvunjika. Kwa ndani, kila miatuko 100 huzaa karibu atomu 30 za gesi za zenoni na kriptoni, ambazo nyingi hunaswa ndani ya kidonge lakini baadhi hutoroka na kuongeza shinikizo. Ndiyo maana wasimamizi wa usalama huweka ukomo. Marekani, kwa mfano, ukomo uliozoeleka ni megawati-siku 62,000 kwa tani, kama wastani wa ufito wowote mmoja. Urani yenyewe ingeweza kwenda mbele zaidi kama ingerutubishwa zaidi. Ganda ndilo linalosema basi.

Sasa, mtu anajuaje mteketeo wa fungu fulani? Kwa kinu kizima ni rahisi: hupimwa wingi wa maji yanayoingia kwenye majenereta ya mvuke na tofauti ya joto kati ya kuingia na kutoka, ikapatikana nguvu ya joto, kisha ikazidishwa kwa siku. Lakini mafungu 157 hayafanyi kazi sawa. Yaliyo pembeni hupata nyutroni chache kuliko ya katikati, kwa hiyo mgawanyo hukokotolewa kwa kompyuta na kusahihishwa kwa vipimo vya nyutroni vinavyochukuliwa ndani ya kinu. Hayo ni makadirio mazuri, ila ni makadirio.

Anayetaka uhakika hukata kipande cha ufito ndani ya chumba chenye kuta nene za kuzuia mnururisho, hukiyeyusha kwa asidi ya nitriki na kutafuta neodimi-148. Isotopi hii imechaguliwa kwa sababu nne zinazokutana mahali pamoja. Haiozi. Haihami kutoka pale ilipozaliwa. Humeza nyutroni kidogo sana. Tena huzaliwa kwa kiwango kinachokaribiana, kati ya 1.6 na 1.7 kwa kila miatuko 100, iwe iliyoatuka ni urani-235 au plutoni-239. Ukihesabu atomu zake unajua idadi ya miatuko bila kuuliza kinu kiliendeshwaje. Ukilinganisha na atomu za urani na plutoni zilizobaki katika kipande hichohicho, unapata asilimia iliyoatuka, na kutoka hapo, mteketeo. Kwa njia ya namna hiyo, isotopi za neodimi zilisaidia kuthibitisha kwamba mashapo ya urani ya Oklo nchini Gaboni yaliwahi kuwa kinu cha asili miaka karibu bilioni mbili iliyopita, baada ya mafundi wa Kifaransa kugundua mwaka 1972 kwamba urani ya huko ilikuwa na upungufu wa urani-235 usioelezeka.

Pale ambapo hakuna ruhusa ya kukata, hutumika miale ya gama. Sesi-137 huongezeka sambamba na mteketeo na ina nusumaisha ya miaka 30, yaani nusu yake huoza kila miaka 30, kwa hiyo mwale wake wa kilo-elektronivolti 662 husomwa nje ya ufito hata miaka mingi baadaye. Ninayoipenda mimi ni jirani yake, sesi-134. Haizaliwi moja kwa moja na mwatuko kwa kiasi cha maana. Huzaliwa pale sesi-133, ambayo ni zao la mwatuko lisilooza, inapomeza nyutroni nyingine. Kwa kuwa inahitaji hatua mbili, huongezeka takriban kwa mraba wa mteketeo, na uwiano wa sesi-134 kwa sesi-137 hupanda kadiri fueli inavyotumika. Faida yake huonekana ufito unapotoboka. Kwanza wahudumu huona zenoni-133 na iodini-131 zikiongezeka kwenye maji ya kupoozea, wakajua kuna ganda lililofunguka, lakini kuna maelfu ya fito na zote ziko chini ya maji. Uwiano wa sesi hizo mbili huwaambia kama waitafute kwenye mafungu mapya au yale ya kipindi cha tatu. Uwiano huohuo ulipimwa kwenye udongo baada ya ajali mbili kubwa: ule wa Chernobyl wa mwaka 1986 ulikuwa karibu nusu, na wa Fukushima wa mwaka 2011 karibu moja, tofauti ambayo kwa sehemu kubwa inatokana na fueli ya Fukushima kuwa imeteketea zaidi.

Baada ya fueli kutolewa, mteketeo wake haubadiliki tena, ila muundo wake haukomi kubadilika. Iodini-131 yenye nusumaisha ya siku 8 huwa imekwisha ndani ya miezi michache. Joto la kuoza hushuka hadi kama wati 10 kwa kilo baada ya mwaka mmoja, na baada ya miaka kumi huwa kati ya wati moja na mbili, kiasi kwamba fungu linaweza kutolewa kwenye bwawa na kuwekwa ndani ya kasha kavu linalopoozwa na hewa tu. Kutoka hapo, kwa karne kadhaa, sesi-137 na stronti-90 ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya mnururisho. Miaka 300 ni nusumaisha kumi za kila moja, na hubaki karibu sehemu moja kwa elfu.

Mabadiliko yanayosahaulika mara nyingi ni ya plutoni-241, ambayo katika kilo yetu ni kama gramu 1.3. Nusumaisha yake ni miaka 14, na inapooza hugeuka kuwa amerisi-241, ambayo haiatuki kwa urahisi bali humeza nyutroni na kutoa joto kwa miaka mingi, nusumaisha yake ikiwa miaka 432. Kwa hiyo fueli iliyokaa miaka 14 kwenye hifadhi imepoteza nusu ya plutoni-241 yake bila kuguswa, na imepata zaidi ya nusu gramu ya amerisi kwa kila kilo. Kiwanda kinachotaka kuchakata fueli ya zamani ili kupata plutoni hulazimika kuihesabu upya kwa tarehe ya siku hiyo, kwa sababu karatasi iliyoandikwa siku fungu lilipotoka kinuni inakuwa imepitwa na wakati. Zile gramu 8 za urani-235 na karibu zote za plutoni-239, yenye nusumaisha ya miaka 24,100, zitakuwa palepale.